Mabati 30 na nusu ya paa

Saa tisa alasiri, siku ya kwanza ya kuezeka, nilikuwa nimekaa juu ya mgongo wa paa nikinyoosha mkono kupokea bati. Chini kijana niliyefanya naye kazi alikuwa ameshika kiuno. "Yameisha," akasema. Nikadhani ananitania. Nikamwambia atazame nyuma ya mti wa mwembe, labda wapakuaji waliegemeza mengine kule. Hakwenda hata kutazama. Nikageuza shingo. Upande wa mbele wa nyumba ulikuwa unang'aa rangi ya damu ya mzee, umefunikwa toka ukingoni hadi mgongoni. Upande wa nyuma ulikuwa mbao tupu, na kupitia mbao hizo niliona sakafu ya sebule na kikapu cha Mwalimu kikiwa pale alipokiacha.

Hii ilikuwa nje kidogo ya mji wa Busia, upande wetu wa Uganda, kwenye barabara inayoteremka kwenda Majanji ziwani. Nilikuwa na miaka 22. Ujenzi wa kuta nilikuwa naujua, tofali na mchanganyiko wa udongo na saruji nilivizoea tangu nikiwa mbeba maji. Lakini nyumba hii ilikuwa ya kwanza kukabidhiwa mimi mwenyewe, kuanzia msingi hadi bati la mwisho. Mwenye nyumba alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mama mpole ambaye sote tulimwita Mwalimu. Yeye ndiye aliyeniuliza, kuta zikiwa zimefika kwenye lenta: "Mwanangu, niandae pesa ya mabati mangapi?"

Nikamjibu palepale, nikiwa nimesimama. Hesabu niliifanya nyuma ya karatasi ya mfuko wa saruji. Nyumba ina urefu wa mita 9 na upana wa mita 7. Tisa mara saba ni 63. Bati la mita 3 nililipima dukani, likawa na upana wa sentimita 81, kwa hiyo eneo lake ni mita za mraba 2.43. Sitini na tatu gawa kwa hiyo, inakuja karibu 26. Nikaongeza manne ya tahadhari, nikajiona mtu mwangalifu sana, nikamwambia 30. Mwalimu akaandika kwenye daftari lake kwa mwandiko ule wa ubaoni, akaenda benki.

Mabati yakaja kwa lori dogo la kanta, kenchi zikapandishwa na mzee seremala, na mimi nikaanza kupigilia. Kila safu niliweka bati moja la mita 3 kuanzia ukingoni, kisha la pili juu yake. La pili lilikuwa refu kupita kiasi, nikawa nakata kipande cha karibu mita moja na sentimita ishirini na kukitupa chini. Safu 15, vipande 15. Sikushtuka hata kidogo. Nilikuwa naona upande unajaa vizuri, na ukiwa juu ya paa jua likikuchoma, mkono ndio unaofanya kazi, kichwa kinakwenda likizo.

Mwalimu alirudi kutoka sokoni jioni. Alisimama barabarani kwanza, akaona mbele kumependeza, akatabasamu. Kisha akazunguka nyuma.

Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Na huku?"

Nilisema maneno mengi ambayo siyakumbuki. Kesho yake asubuhi na mapema nikaenda kwa mzee seremala, yule aliyetengeneza kenchi. Anaishi karibu na stendi, na kibanda chake kinanuka gundi na mninga. Nikamsalimu, shikamoo, akaitikia bila kuacha randa. Nikamweleza. Akaendelea kupiga randa hadi ubao ukaisha, ndipo akaniuliza, "Mbao za mteremko nilizokutuma dukani zilikuwa za futi ngapi?"

"Kumi na sita, Mzee."

"Futi 16 ni mita ngapi?"

Nikapiga hesabu. Mita 4.88.

"Nikazikata kidogo mwisho, zikabaki karibu 4.6. Wewe ndiye uliyezibeba begani. Sasa nyumba yako ina upana wa mita 7, nusu yake ni tatu na nusu. Kama paa lingekuwa limelala kama mkeka, ubao wa mita 4.6 ungekuwa unatafuta nini pale?"

Hapo ndipo nilipoona upumbavu wangu wote kwa mpigo mmoja. Jibu nililokuwa nalitafuta nilikuwa nimelibeba begani kutoka dukani, vipande vingi vya jibu hilo, nikavipandisha ukutani kimoja kimoja, na bado nikaendelea kuhesabu sakafu.

Mzee akachukua mkaa, akapiga magoti kwenye saruji ya kibanda chake. "Usinitajie vipeuo," akasema. "Chora." Kila sentimita 10 zitakuwa mita moja. Akapima sentimita 35 za kulala, hiyo ndiyo nusu ya nyumba, toka ukutani hadi katikati. Halafu akaongeza sentimita 6 upande wa nje. Nikamuuliza za nini. "Upenu. Mvua ya ziwani inakuja ya kulala, kuta lazima zipate kofia. Uliniambia mwenyewe sentimita 60." Ni kweli, nilimwambia. Jumla 41. Kisha kimo: kenchi zake zilipanda nusu ya kile zinachokwenda, yaani kila mita moja ya kulala, nusu mita juu. Kwa hiyo 41 za kulala zinataka 20.5 za kusimama. Akachora, akaunganisha ncha mbili kwa mstari wa mshazari, akanipa tepu.

Ilisoma sentimita 46 kasoro kidogo. Mita 4.6 kasoro kidogo. Urefu wa mbao zake.

Baadaye nilihakikisha kwa simu, maana kikokotoo kina alama ya kipeuo, na ikatoka hivi:

√(4.1² + 2.05²) = 4.58

Mchoro wa mkaa haukukosea hata sentimita mbili. Hadi leo, fundi mwenzangu asiyependa namba namwelekeza kwenye mchoro, si kwenye simu. Kitu cha kuangalia ni kimoja tu: upenu uingie kwenye mstari wa kulala kabla ya kupima mshazari. Wengi wanapima mshazari wa nusu ya nyumba, halafu wanaongeza sentimita 60 mwishoni. Upenu nao umeinama pamoja na paa, kwa hiyo zile 60 za kulala kwenye mteremko huu ni kama 67. Kwa upande mmoja ni kidogo, lakini ni sentimita 7 unazozikosa pale ambapo bati linatakiwa lipite ubao wa ukingo na kumwaga maji kwenye mfereji.

Urefu wa nyumba nao si mita 9. Upenu upo kwenye ncha zote mbili, kwa hiyo ni mita 10.2. Upande mmoja wa paa ni 10.2 mara 4.58, karibu mita za mraba 46.7. Pande mbili ni kama 93.5. Mimi nilikuwa nimeagizia 63. Tofauti ya mita 30 za mraba ilitoka wapi? Nyingi ni za upenu, kwa maana hata ukilaza paa chini, kivuli chake ni 10.2 kwa 8.2, yaani karibu 84. Mteremko uliongeza zilizobaki. Nilikuwa nimezoea kudhani mteremko ndio mwizi mkubwa, kumbe kwenye nyumba ndogo upenu unakula kuliko mteremko.

Nikafurahi. Nikasema, basi Mzee, 93.5 gawa kwa 2.43, mabati 39, nilikosa tisa tu.

Akanitazama kama mtu anayetazama mbuzi akiingia shimoni mara ya pili.

"Una upande mzima mtupu, na upande ule mmoja umekula 30. Tisa yatatosha?"

Hapa ndipo somo lenyewe lilipokuwa, na ninalieleza polepole kwa sababu nimeona mafundi wenye umri mara mbili ya wangu wakiishia kwenye eneo na kusimama hapo. Bati halifuniki eneo lake lote. Linafunika kile kinachobaki baada ya kupandana na jirani yake. Yale mabati yetu ya mawimbi tuliyapandisha wimbi moja na nusu ubavuni, ndivyo Mzee alivyosisitiza kwa sababu ya upepo wa ziwa. Wimbi na nusu kwenye bati lile lilikuwa sentimita 11. Bati la 81 likawa linafanya kazi ya 70. Halafu pale bati la juu linapolalia la chini, unapoteza tena sentimita 15 kwa mteremko kama wetu. Paa likiwa limelala zaidi, maji yanakwenda taratibu na upepo unayarudisha juu, na hapo 15 hazitoshi, unakwenda hadi 30.

Kwa hiyo Mzee alinifundisha kuhesabu safu. Tulirudi wote wawili kwenye nyumba ya Mwalimu, yeye kwenye boda mbele, mimi nyuma yake nikiwa nimeshika tepu. Bati la kwanza la pembeni linachukua sentimita zake zote 81. Kila linalofuata linaongeza 70. Mabati 14 yanafika mita 9.91, hayatoshi mita 10.2. Mabati 15 yanafika 10.61, yanatosha, na la mwisho unalipunguza ubavuni. Safu 15, basi. Hakuna safu 14 na nusu. Hapo ndipo kugawanya eneo kunapokudanganya: kunakupa vipande vya bati ambavyo haviuzwi.

Kisha kila safu inahitaji urefu gani? Mita 4.58 za mteremko, na sentimita 5 za kuning'inia juu ya mfereji. Mita 4.63. Mimi nilitumia mabati mawili ya mita 3, yaani mita 6, ukitoa 15 za kulaliana ni 5.85. Ile mita moja na ishirini na kitu iliyozidi ndiyo iliyokuwa inadondoka chini ya mwembe, mara kumi na tano. Mzee akauliza dukani wanauza urefu gani mwingine. Mita 2 zipo. Tatu na mbili ni tano, ukitoa 15 ni 4.85. Inatosha na inabaki sentimita 22, ambazo hukati, unaziacha zizidishe mlalio katikati ya paa, zinazuia maji na wala hazimdhuru mtu.

Ukweli, basi, ni kwamba nyumba ya mita 9 kwa 7 ilihitaji mabati 30 ya mita 3 na mabati 30 ya mita 2. Ni mita 150 za bati. Mimi nilinunua mita 90. Hata yale 39 ya hesabu ya eneo yangekuwa mita 117.

Eneo halikuwa na kazi, basi? Lina kazi, ila ni ya kukagua. Bati lote tulilohitaji, ukizidisha mita 150 kwa upana wa 0.81, ni mita za mraba 121.5. Paa ni 93.5. Ukigawanya unapata 1.3. Tangu siku hiyo, kila nikimaliza kuhesabu safu nagawanya hivyo. Kwa paa la pande mbili lenye mabati haya na mlalio mmoja katikati, jibu likija chini ya 1.2 najua kuna upenu nimeusahau au safu nimeiruka. Likipita 1.4 najua nimechagua urefu mbaya wa bati na nitakuwa naokota vipande chini ya mwembe. Ule upande wa mbele nilioezeka kwa mita 3 mbili mbili unatoa 1.56. Ukitumia bati la umbo jingine, lenye mabonde mapana ya mraba, upana na mapandano yake ni tofauti, kwa hiyo upime lile lililo mbele yako. Karatasi ya dukani inataja upana mzima, na si kila muuzaji anajua upi ni upana unaofunika.

Niliuliza pia kama kiwanda kinaweza kukata bati la mita 4.65 moja kwa moja. Kinaweza, na tungetumia 30 tu, mita 139.5, bila mlalio wowote katikati. Lakini kanta iliyokuwepo ilikuwa na sanduku fupi, na njia ya kuingia kwa Mwalimu ina kona kwenye migomba ambapo bati refu linalochomoza nyuma lingekunjika. Bati likishapata mkunjo, pale ndipo kutu inapoanzia. Tukabaki na tatu na mbili.

Kofia za mgongo nazo nilikuwa nimekisia. Kofia ya mita 2 ikilalia mwenzake sentimita 15 inafunika 1.85. Mgongo wa mita 10.2 unataka sita. Nilikuwa nimeleta tano, kwa sababu kumi gawa kwa mbili ni tano. Mzee alicheka hapo hadi akakohoa.

Sasa tulitakiwa kununua ya upande wa nyuma: 15 ya mita 3, 15 ya mita 2, na kofia moja. Nilimwendea Mwalimu na daftari. Nilimwonyesha kila mstari. Alifuatilia kwa kidole kama anasahihisha mtihani, akafika kwenye 1.85 akaniuliza imetoka wapi, nikamweleza, akaweka alama ya vema kwa kalamu nyekundu. Kalamu nyekundu anayo hadi leo, sijui anasahihisha nini tena. Kisha tukagawana hasara. Mabati aliyoyahitaji kweli yalikuwa yake kuyalipia, hata kama nilimwambia kidogo mwanzoni. Lakini mita 15 zilizozidi kwa ajili ya kukata kwangu, ambazo ni sawa na mabati matano ya mita 3, na kanta ya safari ya pili, vilikuwa vyangu. Malipo yangu ya kuezeka yakaishia hapo. Wiki mbili nilikula posho na maharage kwa dada yangu nikijifanya nimemtembelea.

Jambo moja hatukuweza kulirekebisha. Duka lilikuwa limemaliza mzigo ule wa kwanza. Ule mpya ulikuwa wa rangi ileile kwa jina, ila kutoka toleo jingine la kiwandani, nao ulikuwa umekolea kidogo zaidi. Ukiwa na bati moja mkononi huoni. Ukisimama kwenye kona ya nyumba, pale mgongo unapozigawa pande mbili, unaona. Kwa hiyo siku hizi naagiza mzigo wote mara moja, hata kama unalala stoo wiki tatu, na nikifungua nalinganisha bati la kwanza na la mwisho juani kabla ya kupiga msumari wowote.

Upande wa nyuma tuliezeka kwa siku moja na nusu. Mzee alikuja kukaa chini ya mwembe na chai yake, kazi yake ikiwa ni kupiga kelele nilipotaka kuanzia upande usiofaa. Unaanzia ule ulio mbali na upepo, ili bati linalofuata lilale juu na mdomo wake uwe umeupa upepo mgongo. Upande wa mbele nilikuwa nimebahatika kuanzia panapofaa, bila kujua. Bati la 15 lilipotua, ncha yake ilizidi ukingo kwa sentimita 41, kama daftari lilivyosema. Nililipima mara mbili kabla ya kulikata, si kwa shaka, nilitaka tu kuliona.

Mwaka uliofuata nilipata paa la pande nne, na nikagundua kwamba eneo lake linatoka sawasawa na la pande mbili, mradi upenu na mwinamo ni uleule. Mabati ndiyo hayalingani, kwa sababu kila safu inayokutana na pembe unaikata mshazari, na naihesabu kwa ubavu wake mrefu. Hilo nitalisimulia siku nyingine, lina vituko vyake.

Vile vipande 15 chini ya mwembe Mwalimu hakutaka viuzwe. Nilijaribu kuona kama vingeingia upande wa nyuma, bati la mita 3 na kipande kimoja, lakini ukitoa mlalio unafika mita 4.05 tu na unabaki unatafuta nusu mita nyingine. Akaniomba nimjengee banda la kuku. Nikajenga bila malipo, na vipande vikatosha na kubaki viwili, ambavyo aliwekea choo. Nikipita njia ya Majanji huwa naingia kumsalimu. Mara ya mwisho alikuwa na mgeni, na mgeni akasifu banda, jinsi lilivyoezekwa kwa bati zuri la rangi wakati wengine kuku wao wanalala chini ya nyasi.

"Hao kuku," Mwalimu akasema, akinimiminia chai, "wanalala chini ya hesabu za huyu kijana."